Milioni Tatu na Nusu za Nani?

Maandishi haya yametolewa na kompyuta baada ya fomu moja ya mkopo kuskaniwa na kusomwa na programu inayogeuza picha kuwa maandishi:

```
Jina la mwombaji Jina la mdhamini
MWANAIDI SALUM BAKARI HAMISI JUMA OMARI
Tarehe ya kuzaliwa Tarehe ya kuzaliwa
11/09/1979
Kiasi kinachoombwa Akiba iliyopo
3,500,000/= 1,250,000/=
```

Fomu ni ya mfano na majina ni ya kubuni, ila mpangilio wake ni ule ule wa fomu nyingi za vyama vya akiba na mikopo: mwombaji kushoto, mdhamini kulia, na chini ya kila lebo kuna nafasi ya kujaza. Kompyuta haijakosea hata herufi moja. Ukiwa na karatasi yenyewe mkononi unaweza kukagua neno kwa neno, na yote utayakuta sahihi.

Sasa jiulize: nani alizaliwa tarehe 11 Septemba 1979? Kwenye karatasi halina utata. Nafasi ya mwombaji imeachwa wazi, na tarehe imeandikwa upande wa kulia, chini ya mdhamini. Kwenye maandishi ya kompyuta ule upande wa kulia haupo tena. Imebaki tarehe moja chini ya lebo mbili, na karani au programu itakayofuata itaikabidhi kwa lebo ya kwanza. Mwombaji atakuwa amepewa tarehe ya kuzaliwa ya mtu mwingine, na hakuna atakayeshtuka kwa sababu tarehe yenyewe ni halali.

Hapo ndipo ugumu wa kutoa taarifa kwenye fomu unapoanzia. Watu wengi hudhani kazi kubwa ni kuzitambua herufi, lakini kwa maandishi ya chapa herufi hazisumbui sana siku hizi. Kinachosumbua ni kulifanya kila jibu libaki na lebo yake. Milioni tatu na nusu bila lebo inaweza kuwa mkopo, akiba, mshahara au dhamana. Na jibu likishatengana na lebo yake, kuvioanisha tena ni kubahatisha.

Karatasi ina pande mbili, maandishi yana mstari mmoja

Fomu haisomwi kama barua. Barua inaanza juu kushoto na kushuka mstari baada ya mstari, na maana inafuata mtiririko huo. Kwenye fomu maana inakaa kwenye mahali. "Tarehe ya kuzaliwa" ya kushoto na ile ya kulia zimeandikwa kwa maneno yale yale. Kinachozitofautisha ni pale zilipo, na kichwa cha sehemu kilicho juu ya kila safu.

Programu ya kusoma picha inaona mahali hapo. Tesseract, ambayo ni ya bure na ilianzia kwenye maabara za kampuni ya HP miaka ya 1980 kabla ya kuachiwa umma mwaka 2005, hutafuta kwanza kila neno liko wapi kwenye picha, kisha hulisoma. Taarifa ya mahali hutupwa mwishoni kabisa, pale inapoombwa itoe maandishi matupu. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kutoomba maandishi matupu. Omba jedwali:

```
tesseract fomu.png matokeo -l swa --psm 11 tsv
```

`-l swa` inaiambia itumie Kiswahili, na faili la lugha hiyo sharti liwe limewekwa kwenye kompyuta. `--psm 11` inaiambia itafute maneno yaliyotawanyika popote yalipo, isijaribu kuyapanga kama aya. Neno `tsv` mwishoni ndilo linaloleta jedwali. Hizi ni baadhi ya safu zake kwa fomu yetu:

```
left   top   width  height  conf  text
184    842   86     36      96    Jina
284    842   34     36      96    la
334    842   226    45      95    mwombaji
1284   843   86     36      96    Jina
1384   843   34     36      96    la
1434   843   222    36      93    mdhamini
190    915   262    40      91    MWANAIDI
1292   917   188    40      92    HAMISI
```

Namba mbili za mwanzo ndizo anwani ya neno: pikseli ngapi kutoka ukingo wa kushoto, na ngapi kutoka juu. Zinazofuata ni upana na kimo, halafu kiwango cha uhakika kuanzia 0 hadi 100. MWANAIDI linaanza pikseli 190, karibu sawa na "Jina" la kwanza lililo kwenye 184. HAMISI linaanza 1292, chini ya "Jina" la pili lililo kwenye 1284. Kile ambacho jicho lilikiona kwenye karatasi kimerudi, mara hii kwa namba, na sasa hata kompyuta inaweza kujua ni jina la nani.

Nyuzi moja ya upande

Kabla ya kuzitumia namba hizo, hakikisha karatasi imenyooka. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, kipimo kinachoshauriwa kwa kazi hii, una upana wa pikseli 2480. Ukikaa upande kwa nyuzi moja tu, neno lililo ukingo wa kulia litapanda au kushuka pikseli 43 likilinganishwa na la ukingo wa kushoto kwenye mstari ule ule. Fomu yenye mistari iliyoachana milimita 8 ina pikseli kama 94 kati ya mstari na mstari. Nyuzi moja imeshakula karibu nusu ya nafasi hiyo. Nyuzi mbili zinafikisha pikseli 87, na hapo jibu la mstari wa tano limekaa sambamba na lebo ya mstari wa nne au wa sita.

Hitilafu hii ina dalili yake. Fomu moja ikiwa na majibu yote sahihi ila yote yamehama mstari mmoja kwenda juu au chini, usimlaumu aliyejaza. Karatasi ilipita kwenye skana ikiwa upande. Majibu ya karibu na lebo zake huwa salama, na yale ya mbali, upande wa kulia, ndiyo yanayohama. Programu nyingi za skana zina kitufe cha kunyoosha ukurasa. Kiwashwe kabla ya kusoma. Picha za simu zina tatizo la ziada. Simu ikishikwa kwa kuinama, upande mmoja wa karatasi hutoka mkubwa kuliko mwingine, na kuzungusha picha hakutoshi. Lazima pembe nne za karatasi zitafutwe na ukurasa uvutwe urudi kuwa mstatili.

Kutafuta lebo kwanza

Sasa kazi ya kuoanisha inaweza kuanza, na inaanza na lebo. Lebo zimechapwa, ni zile zile kwenye kila fomu, na tunazijua kabla ya kuanza. Majibu hatuyajui. Kwa hiyo programu inapewa orodha ya lebo zote, inazitafuta kwenye jedwali, na kila inayopatikana inakuwa mahali pa kupimia.

Wapo wanaoiruka hatua hii. Wanapima fomu moja kwa rula, wanaandika kwamba jina liko pikseli 915 kutoka juu, na wanakata mahali hapo kwenye kila fomu. Mtindo huo unafaa kama fomu zote zimetoka mtambo mmoja wa chapa. Ofisi nyingi hutoa nakala ya nakala. Mashine ya fotokopi hupunguza ukurasa kidogo, au karatasi inaingia ikiwa imesogea, na kufikia kizazi cha tatu cha nakala jina halipo tena kwenye 915. Kipimo kinachoanzia kwenye lebo hakisumbuliwi na hilo, maana lebo na jibu vimesogea pamoja.

Kutafuta lebo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba lebo nayo inaweza kusomwa vibaya, "mwombaji" ikatoka "mwornbaji", kwa hiyo ulinganishaji uruhusu herufi moja au mbili kupishana. Wa pili ni mkubwa zaidi: lebo zinazojirudia. "Tarehe ya kuzaliwa" iko mara mbili, na "Sahihi" na "Tarehe" zinaweza kuwa mara nne au tano. Lebo ya namna hiyo haijakamilika peke yake. Jina lake kamili ni pamoja na kichwa cha sehemu iliyomo: "Sehemu A, Mwombaji, Tarehe ya kuzaliwa". Kila lebo ibebe kichwa chake hadi mwisho wa safari, hata kama kwenye karatasi kimeandikwa mara moja tu juu ya safu.

Mipaka ya kila nafasi

Lebo ikishapatikana, jibu lake hutafutwa sehemu mbili: kulia kwake kwenye mstari ule ule, au chini yake moja kwa moja. Ipi itumike inategemea fomu, na kwa kila lebo huamuliwa mara moja, mwanzoni. Kilicho kigumu zaidi ni kujua pa kuishia. Kanuni inayofanya kazi ni kwamba eneo la jibu linakoma pale lebo nyingine inapoanza. Kwenye fomu yetu, eneo la jina la mwombaji linaanzia chini ya lebo yake, linakwenda kulia hadi kabla ya pikseli 1284 ambapo lebo ya mdhamini inaanza, na linashuka hadi kabla ya lebo ya tarehe.

Maneno yote yaliyo ndani ya mipaka hiyo ni jibu, na yasiyomo si jibu. Mwombaji akiandika majina mawili na mdhamini manne, hakuna tatizo; mgawanyo unafuata mahali, si hesabu ya kudhani kila mtu ana majina matatu. Na ile tarehe ya 11/09/1979? Inaanza pikseli 1290 hivi. Iko ndani ya eneo la mdhamini, na eneo la mwombaji halina neno lolote. Programu inaandika kwamba tarehe ya mdhamini ni hiyo, na ya mwombaji ni wazi.

Neno "wazi" lina uzito. Nafasi inaweza kuwa katika hali tatu: ina jibu lililosomeka, haina kitu, au ina kitu kisichosomeka. Ofisi nyingi huziandika mbili za mwisho kwa namna moja, yaani kisanduku kitupu kwenye jedwali. Lakini hatua za kuchukua ni tofauti. Nafasi isiyo na kitu inamtaka mwanachama aitwe ajaze. Nafasi isiyosomeka inamtaka karani aitazame picha. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kupima wino: kama eneo la jibu lina alama nyeusi za kutosha na bado hakuna neno lililopatikana, kuna kitu pale ambacho mashine imeshindwa.

Mipaka inakuja na hatari yake pia, na hatari hiyo huangukia kwenye fedha. Visanduku vya fomu vina mistari ya pembeni. Mstari wa wima wa kushoto, ukigusana na tarakimu ya kwanza, unaweza kusomwa kama 1. Hapo 3,500,000 inageuka 13,500,000. Mikato imekaa vizuri, namba inaonekana ya kawaida, na kiwango cha uhakika kinaweza kuwa juu, kwa sababu mstari ulionyooka kwa kweli unafanana na 1. Dawa ni kukata picha ndani ya kisanduku, pikseli nane au kumi kutoka kwenye mstari, au kuifuta mistari mirefu ya fomu kabla ya kusoma. Vile vitone virefu vya "Jina ......................" navyo vifutwe, maana husomwa kama nukta na mikato inayojichomeka katikati ya jibu.

Tarehe na fedha zina ushahidi wao

Jibu likiwa na lebo yake, tunaweza kulihoji, kwa sababu sasa tunajua linatakiwa kuwa kitu gani. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuvioanisha mapema: lebo inatuambia tutumie kipimo kipi.

Tuanze na tarehe. Huku kwetu 03/04/1987 ni tarehe 3 Aprili. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani inaisoma Machi 4, na programu za majedwali hufanya hivyo kimyakimya faili linapofunguliwa. Ukitaka kujua kama imetokea, angalia safu ya tarehe. Zile zenye siku ya 12 kurudi chini zitakuwa zimesogea kulia kwenye visanduku vyake kwa kuwa zimekubaliwa kuwa tarehe, na zile za 13 kwenda juu zitakuwa zimebaki kushoto kama maandishi, kwa sababu hakuna mwezi wa 13 wala wa 25. Safu iliyogawanyika hivyo imeshaharibika, na kubadili muonekano wake hakutairekebisha. Rudi kwenye chanzo. Kinga ni kuandika tarehe kwa kuanza na mwaka, 1987-04-03, na pembeni yake kuhifadhi ilivyoandikwa na mwombaji mwenyewe.

Tanzania ina kipimo cha ziada. Namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Fomu yenye sehemu ya namba hiyo imeuliza tarehe ya kuzaliwa mara mbili bila kukusudia. Tuseme namba ya mwombaji wetu inaanza na 19870403. Kama ile tarehe ya mdhamini ingekuwa imemwangukia, 1979-09-11 isingelingana na 1987-04-03, na kosa lingejitokeza hapo hapo. Na kipimo hiki hakigundui herufi iliyosomwa vibaya tu. Kinagundua jibu lililokaa kwenye lebo isiyo yake, kosa ambalo kusoma tena kwa makini hakuwezi kulionyesha.

Kwa fedha, ushahidi wa aina hiyo uko kwenye ule mstari wa "kiasi kwa maneno". Watu wengi huuona kama urasimu, lakini kwa anayesoma fomu kwa mashine ni msaada mkubwa. Mwombaji ameandika "milioni tatu na laki tano". Namba iliyosomwa ni 13,500,000. Hazilingani, na fomu inasimamishwa. Bila mstari huo, ule mstari wa kisanduku ungekuwa umemwongezea mtu milioni kumi.

Kuligeuza jibu la maneno kuwa namba kunataka mtu anayejua watu wanavyotaja fedha. "Laki mbili na nusu" ni 250,000, na "milioni tatu na nusu" ni 3,500,000; nusu ni ya kile kipimo kilichotangulia, laki au milioni, wala si nusu shilingi. "Elfu ishirini na tano" kwa kawaida ni 25,000, lakini inaweza pia kusomwa 20,005. Programu isijifanye inajua. Itoe majibu yote mawili na ilinganishe na tarakimu; moja likilingana, hilo ndilo, na yote mawili yakikataa, mtu aangalie.

Kipimo cha mwisho cha fedha ni mikato yenyewe. Ile alama ya /= tunayoiweka mwisho wa kiasi huwachanganya wasomaji wa mashine, na mkwaju wake unaweza kugeuka 1. Lakini 3,500,0001 inajifichua: baada ya kila mkato ziwe tarakimu tatu, na hapa fungu la mwisho lina nne. Ondoa alama hiyo kabla ya kugeuza kuwa namba, na ukikuta fungu lisilo la tarakimu tatu, usikate tarakimu ya ziada kwa kukisia. Weka alama fomu irudiwe.

Majina hayana kipimo cha hesabu, kwa hiyo adabu yake ni tofauti: yaachwe kama yalivyoandikwa. Mwanaidi asigeuzwe Mwanaid kwa sababu daftari la wanachama liliandika hivyo, na majina matatu yasigawanywe kuwa la kwanza, la kati na la ukoo kama fomu haikuuliza hivyo. Ulinganishe na daftari kwa namba ya uanachama, na tofauti iandikwe pembeni ili mtu aamue.

Rekodi inayobeba kila kitu

Mwisho wa kazi, fomu yetu ya mfano haiwi tena mistari sita ya maneno. Inakuwa safu za namna hii:

```
sehemu    lebo                 kilichoandikwa  thamani      hali
Mwombaji  Jina                 MWANAIDI SALUM BAKARI  =     sawa
Mwombaji  Tarehe ya kuzaliwa   -               -            wazi
Mwombaji  Kiasi kinachoombwa   3,500,000/=     3500000      sawa
Mdhamini  Tarehe ya kuzaliwa   11/09/1979      1979-09-11   sawa
Mdhamini  Akiba iliyopo        1,250,000/=     1250000      sawa
```

Kila safu inajitegemea. Ukiichukua moja na kuitenga na zingine, bado inakuambia ni ya nani, inahusu nini, iliandikwaje na ilieleweka vipi. Kwenye faili halisi huongezwa namba ya fomu na anwani ya eneo kwenye picha, ili karani mwenye shaka abofye na kuonyeshwa kile kipande tu, lebo na jibu lake vikiwa pamoja. Kipande cha jibu bila lebo asionyeshwe, maana atakuwa amerudishwa kwenye tatizo la mwanzo.

Mwandiko, mihuri na fomu ngeni

Fomu yetu ya mfano ilijazwa kwa chapa. Nyingi hujazwa kwa kalamu, na Tesseract haikutengenezwa kwa ajili ya mwandiko wa mkono. Hata hivyo karibu yote yaliyosemwa yanabaki, kwa sababu lebo bado zimechapwa. Mashine inazipata lebo, inachora mipaka, inakata kipande cha kila jibu, na kusoma kunaachiwa programu maalumu ya mwandiko au mtu. Kwa fedha ni vizuri makarani wawili waandike kila mmoja peke yake bila kuonana, kisha mashine ilinganishe. Kila tofauti, mara nyingi 1 dhidi ya 7 au 0 dhidi ya 6, irudi kwenye picha.

Muhuri uliogongwa juu ya tarehe ni tatizo jingine la kawaida, na suluhisho lake ni la mapema: skani kwa rangi. Muhuri wa zambarau juu ya wino mweusi unaweza kutenganishwa kwa rangi. Ukiskani kwa nyeusi na nyeupe, viwili hivyo vimekuwa kitu kimoja milele.

Kuna pia fomu ambazo lebo zake huzijui mapema, kama ofisi inayopokea ankara za wauzaji mia, kila mmoja na mtindo wake. Kwa hizo kuna programu zilizofundishwa kwa mifano. Mkusanyiko unaojulikana sana, FUNSD wa mwaka 2019, una fomu 199 za Kiingereza ambapo watu walionyesha kipi ni kichwa, kipi ni swali, kipi ni jibu, na jibu lipi ni la swali lipi. Mwaka 2020 watafiti wa Microsoft walitoa LayoutLM, inayojifunza maneno pamoja na mahali yalipo kwenye ukurasa. Mkusanyiko wa XFUND uliofuata uliongeza lugha saba: Kichina, Kijapani, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani na Kireno. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo anayeleta programu ya namna hiyo kwenye ofisi ya Morogoro au Kisumu aijaribu kwanza kwa fomu za ofisi hiyo, si kwa alama ilizopata kwingine.

Kuhesabu kilicho sahihi

Majaribio hayo nayo yana namna yake. Muuzaji wa programu hupenda kusema inasoma herufi 99 katika kila 100. Rudi kwenye yale maandishi sita ya mwanzo: herufi zilikuwa sahihi zote, 100 kwa 100, na bado tarehe ilikuwa njiani kwenda kwa mtu asiye wake. Hata safu ya `conf` kwenye jedwali haisaidii hapa. Inasema mashine ina uhakika gani na neno, haisemi lolote kuhusu neno hilo ni la lebo ipi.

Hesabu jozi. Chukua fomu hamsini zilizojazwa, ukiwemo mchanganyiko wa nzuri, zilizokunjwa, na zenye nafasi wazi. Mtu azinakili kwa mkono, kila jibu na lebo yake. Halafu linganisha na matokeo ya mashine, na jozi ihesabiwe sahihi pale tu sehemu, lebo na thamani vinapolingana vyote vitatu. Tarehe sahihi kwa mtu asiye sahihi ni makosa mawili: aliyepewa isiyo yake, na aliyenyang'anywa yake. Nafasi wazi iliyotambuliwa kuwa wazi ni jozi sahihi. Panga makosa kwa lebo, na kwa kawaida utakuta hayajatawanyika; yamerundikana kwenye lebo mbili tatu, zile zinazojirudia au zenye visanduku vyembamba.

Hapo mara nyingi marekebisho ya bei ndogo kuliko yote hayako kwenye programu. Toleo lijalo la fomu liandike "Tarehe ya kuzaliwa ya mdhamini" badala ya "Tarehe ya kuzaliwa", lipanue kisanduku cha fedha ili tarakimu zisiguse mstari, na likichapisha visanduku vya tarehe liweke herufi ndogo za siku, mwezi na mwaka chini yake. Gharama ni ya kuhariri ukurasa mmoja kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, na lebo iliyoandikwa kwa ukamilifu haitahitaji tena kichwa cha safu ili ijulikane ni ya nani.